Kusimba makundi kwa sifuri-na-moja au kwa wastani wa lengo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na pale jibu linapovuja

Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na vijana tunaokaa nao jioni hapa Mombasa kuchambua data za mizigo. Kusimba ni kugeuza majina ya makundi, kama aina ya chombo au jina la mtaa, yawe namba ambazo modeli inaweza kuzisoma. Nimeyajibu yote kwa mfano mmoja, ili msomaji asihangaike kuhama kutoka jedwali moja hadi jingine.

Tuseme kuna duka la jumla Kongowea linalopelekea wateja mizigo mjini kote. Kila safari ni mstari mmoja katika jedwali. Kolamu zake ni chombo (bodaboda, tuktuk, pikapu au mkokoteni), mtaa unaopelekwa mzigo, namba ya mteja, thamani ya mzigo na saa ya kuondoka. Tunachotaka kutabiri ni kolamu ya `rudi`: inaandikwa 1 mzigo ukirudi dukani kwa sababu mteja hakupatikana au amekataa, na 0 ukipokelewa. Hiyo ndiyo tunaiita lengo. Namba zote za mfano huu nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu kwa kalamu na karatasi, na ninaomba uzihesabu kweli.

Kwa nini nisiandike tu bodaboda 1, tuktuk 2, pikapu 3, mkokoteni 4?

Kwa sababu modeli itazisoma kama namba. Kwa modeli ya mstari mnyoofu, pikapu itakuwa mara tatu ya bodaboda, na tuktuk itakuwa katikati yao hasa. Hakuna mtu aliyesema hivyo. Umelisema wewe bila kukusudia. Miti ya maamuzi, yaani modeli zinazogawa data kwa maswali ya ndiyo au hapana, huvumilia zaidi, maana inaweza kukata kati ya 1 na 2, halafu kati ya 2 na 3, lakini nayo inalazimika kufuata mpangilio uliobuni. Namba za mfululizo ziachie vitu vyenye daraja la kweli, kama mzigo mdogo, wa kati na mkubwa.

Basi sifuri-na-moja inafanyaje?

Kila aina ya chombo inapewa kolamu yake. Safari ya tuktuk inaandikwa 1 kwenye kolamu ya tuktuk na 0 kwenye nyingine tatu. Mpangilio wa bandia unaondoka, na modeli inajifunza athari ya kila chombo peke yake. Kwenye maktaba ya `scikit-learn` kazi hii inafanywa na `OneHotEncoder`.

Jambo la kushika hapa, maana tutalirudia, ni kwamba sifuri-na-moja haiangalii lengo hata kidogo. Inatazama neno "tuktuk" na kuandika 1. Haijui kama mzigo ulirudi au ulipokelewa. Kwa hiyo haina njia ya kuvujisha jibu, yaani kuliingiza lengo kwa siri ndani ya kolamu ambazo modeli inazisoma.

Nimeambiwa nifute kolamu moja kati ya hizo nne. Ni lazima?

Inategemea modeli. Kolamu nne zikijumlishwa kwenye mstari wowote jibu ni 1, kwa hiyo ukijua tatu umeijua ya nne. Katika regresheni ya kawaida yenye namba ya kuanzia, hilo linafanya vizidishi visiwe na jibu moja, na hapo unaweka `drop="first"`. Kwa miti ya maamuzi, au regresheni inayoadhibu vizidishi vikubwa, acha zote nne.

Vyombo ni vinne. Mitaa je? Kwenye jedwali langu ipo zaidi ya mia.

Hapa ndipo watu wanapohama. Ukitumia sifuri-na-moja unapata kolamu mia na ushee, na karibu kila namba ndani yake ni 0. Mti wa maamuzi ukitaka kutenganisha mitaa ambayo mizigo hurudi sana na ile ambayo hairudi, inabidi ukate mtaa mmoja mmoja: huu ni Bombolulu au siyo, huu ni Tudor au siyo. Kila mkato unatenga safari chache, faida yake inaonekana ndogo, na mti unaupita.

Lakini usikimbie mapema. Kabla ya kitu kingine, safisha majina. Nimekuta "Mji wa Kale", "mji wa kale", "Mjiwakale" na "Old Town" kwenye faili moja, na "Majengo" ikiwa imechanganywa na "Majengo Mapya" iliyo ng'ambo ya Likoni. Faili la namna hiyo lina mitaa mingi kwa sababu ya makarani, wala si kwa sababu ya mji. Baada ya usafi, kama modeli yako ni regresheni yenye adhabu, kolamu mia za sifuri-na-moja hazina tabu; kompyuta huhifadhi zile 1 tu. Mitaa yenye safari chache sana unaweza kuikusanya katika kolamu moja kwa kuweka `min_frequency`.

Ukiwa na miti, na mitaa bado ni mingi, hapo ndipo wastani wa lengo unapokuja na nguvu zake.

Wastani wa lengo ni nini hasa?

Badala ya jina la mtaa, unaandika kiwango cha mizigo inayorudi kutoka mtaa huo. Mikindani ikiwa na safari 200 na zilizorudi ni 30, kila mahali palipoandikwa Mikindani unaweka 0.15. Kolamu mia zinageuka kuwa moja, na mti unaweza kwa mkato mmoja kutenga mitaa yote yenye kiwango cha juu. Kwenye `scikit-learn` inaitwa `TargetEncoder`, na imekuwemo tangu toleo la 1.3 la mwaka 2023. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Daniele Micci-Barreca aliliandika mwaka 2001, akiwa na tatizo hilihili la makundi mengi mno.

Na mtaa wenye safari moja tu?

Tuseme Utange imekwenda safari moja na mzigo ukarudi. Wastani wake ni 1.00, kana kwamba kila mzigo wa Utange hurudi milele. Dawa ni kuvuta kila wastani kuelekea wastani wa jumla, na kuuvuta zaidi pale safari zilipo chache. Kanuni rahisi ni hii:

```
(zilizorudi + m * wastani_wa_jumla) / (safari + m)
```

Chukua wastani wa jumla 0.20 na `m` ya 10. Ni kama kuupa kila mtaa safari 10 za kuazima zenye tabia ya mji mzima. Utange inakuwa (1 + 2) / (1 + 10), yaani 0.27. Mikindani inakuwa (30 + 2) / (200 + 10), yaani 0.152, haijasogea kitu. Ndivyo inavyotakiwa: ushahidi mwingi unaachwa useme, ushahidi mdogo unasubirishwa.

Watu wengi husoma hapa na kudhani kuvuta huku kumemaliza tatizo la kuvuja. Hakukumaliza. Hiyo 0.27 ya Utange bado imepanda juu ya 0.20 kwa sababu moja tu, kwamba safari ile ilirudi. Ingepokelewa, ingekuwa 2 / 11, yaani 0.18. Mti unaweza kukata kati ya 0.18 na 0.27 kwa wepsi uleule unaokata kati ya 0 na 1. Kuvuta kumepunguza sauti ya jibu, ila jibu bado linasikika.

Sasa mvujo wenyewe unatokea wapi?

Unatokea pale lengo la mstari linapoingia katika hesabu ya kolamu ya mstari huohuo. Ili uuone bila kelele za data, fanya jaribio ninalowafanyisha vijana wangu: chukua sarafu ya shilingi.

Irushe mara 1000 na uandike 1 kwa kichwa na 0 kwa upande wa pili. Hayo ndiyo malengo. Halafu buni wateja 500 na mpe kila mmoja mirusho miwili, bila kuangalia. Sote tunajua kwamba jina la mteja halina uhusiano wowote na sarafu. Hakuna modeli duniani inayoweza kutabiri mrusho ujao zaidi ya nusu kwa nusu.

Sasa simba jina la mteja kwa wastani wa lengo. Kwa matarajio, robo ya wateja wamepata 0 mbili na wastani wao ni 0. Robo wamepata 1 mbili, na wastani ni 1. Nusu iliyobaki wana moja ya kila aina, wastani 0.5. Mpe mtu kolamu hiyo pekee na umwambie akisie. Kwa wateja wenye 0 na wenye 1 atapatia kila mara, na hao ni nusu ya mirusho yote. Kwa wale wa 0.5 atapatia nusu. Jumla, amepatia asilimia 75 ya mirusho ya sarafu.

Ukipima kwa `roc_auc`, kipimo ambacho 0.5 ni kubahatisha na 1 ni ukamilifu, matarajio ni 0.875. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya wakiitazama namba hiyo. Mtu akikuletea modeli ya biashara yenye 0.875 utamshika mkono, na hapa imetoka kwenye sarafu.

Na kadiri mirusho ya kila mteja inavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa mbaya. Kila mteja akiwa na mrusho mmoja, kolamu mpya ni lengo lenyewe limevaa kanzu nyingine.

Mimi nagawa data kwanza, ya mafunzo ya kuifundishia modeli na ya majaribio ya kuipimia, ndipo nasimba. Nimeshapona, sivyo?

Umepona nusu. Hili ndilo swali ninalotaka tukae nalo, kwa sababu mivujo ni miwili, dalili zake ni tofauti, na kugawa mapema kunatibu mmoja tu.

Mvujo wa kwanza ni wa mtu aliyesimba jedwali zima kisha akagawa. Malengo ya safari za majaribio yameshachanganywa kwenye wastani. Kwa hiyo alama za mafunzo zinapendeza, na alama za majaribio zinapendeza vilevile. Kipimo chenyewe kimeharibika, na hakuna namba yoyote mezani itakayokuonya. Utaambiwa na kazi halisi, wiki ya kwanza ya kuitumia modeli.

Mvujo wa pili ni wa yule aliyegawa vizuri, akahesabu wastani kwenye safari za mafunzo peke yake, kisha akaupachika kwenye safari zilezile za mafunzo. Kipimo chake ni cha kweli, maana malengo ya majaribio hayakuguswa. Lakini modeli imefundishwa vibaya. Wakati wa kujifunza iliona kolamu ya mteja ikisema ukweli karibu kila mara, ikaiamini kupita kiasi, ikatumia mikato yake mingi humo na kuzipuuza saa ya kuondoka na thamani ya mzigo. Ikifika kwenye majaribio, wateja wengi ni wapya na wote wanapewa wastani wa jumla. Waliobaki wana wastani uliotokana na safari mbili tatu. Kolamu iliyoaminiwa sasa haina la kusema, na zile zenye la kusema hazikusikilizwa. Dalili yake ni pengo: mafunzo juu sana, majaribio chini, wakati mwingine chini kuliko modeli isiyo na kolamu hiyo kabisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuupata huu wa pili katika kazi ya usafirishaji niliyopewa. Niliona pengo nikadhani miti yangu ni mirefu mno. Nikaifupisha, nikapunguza kasi ya kujifunza, nikakesha siku mbili nikibadilisha vipimo. Pengo lilipungua kidogo tu. Siku ya tatu niliiondoa kolamu ya namba ya mteja ili jedwali liwe jepesi, na alama za majaribio zikapanda. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba siku zote mbili nilikuwa nikimlaumu mwanafunzi, na kumbe kitabu nilichompa kilikuwa na majibu pembezoni.

Nikihesabu wastani wa mtaa bila kuhusisha mstari wenyewe, si nimefunga mlango?

Wazo ni zuri na karibu kila mtu hulifikia mwenyewe. Bahati mbaya linafungua dirisha. Chukua Mtongwe: safari 5, zilizorudi 2.

Safari iliyorudi ikijitoa, wamebaki wanne na aliyerudi ni mmoja. Inapewa 1/4, yaani 0.25. Safari iliyopokelewa ikijitoa, wamebaki wanne na waliorudi bado ni wawili. Inapewa 2/4, yaani 0.50.

Tazama kilichotokea. Ndani ya Mtongwe, kila safari iliyorudi ina 0.25 na kila iliyopokelewa ina 0.50. Mti ukikata katikati, umejua majibu yote matano bila kosa, ila kwa kinyume: namba ndogo ndiyo iliyorudi. Na usidhani mtaa mkubwa unasalimika. Mikindani yenye 30 kati ya 200 itatoa 29/199 kwa zilizorudi na 30/199 kwa zilizopokelewa. Tofauti ni ndogo, lakini thamani ni mbili tu, na mti wenye mikato ya kutosha utazitenganisha. Ukiona modeli inasema mitaa yenye kiwango kidogo cha kurudi ndiyo yenye mizigo inayorudi, shuku hili kwanza.

Basi njia iliyo salama ni ipi?

Gawa safari za mafunzo katika mafungu matano. Kwa kila fungu, hesabu wastani wa mitaa kwa kutumia mafungu mengine manne tu, uupachike kwenye hilo moja. Ukimaliza, hakuna safari iliyochangia namba yake yenyewe, na zaidi ya hapo, safari zote za fungu moja kutoka mtaa mmoja zina namba ileile, iwe zilirudi au zilipokelewa. Ule ujanja wa Mtongwe hauna pa kushika ndani ya fungu.

Rudi kwenye sarafu uone. Mteja ana mirusho miwili. Ikiangukia mafungu tofauti, kila mrusho unasimbwa kwa matokeo ya mwenzake, na mwenzake hajui kitu. Ikiangukia fungu moja, yote inapewa wastani wa jumla. Alama zinarudi karibu na 0.5, mahali pake pa haki.

`TargetEncoder` ya `scikit-learn` hufanya hivi yenyewe, mafungu matano bila kuambiwa, na kiasi cha kuvuta inakikadiria yenyewe pia. Kazi yako ni kuiweka ndani ya mnyororo mmoja na modeli, ili kila mgawanyo wa uthibitishaji usimbe upya kutoka mwanzo:

```python
andaa = ColumnTransformer([
    ("chombo", OneHotEncoder(handle_unknown="ignore",
                             sparse_output=False), ["chombo"]),
    ("mtaa", TargetEncoder(), ["mtaa"]),
], remainder="passthrough")

modeli = make_pipeline(andaa, HistGradientBoostingClassifier())
cross_val_score(modeli, X, y, scoring="roc_auc", cv=5)
```

Hapa `y` ni kolamu ya `rudi`, na `X` ni kolamu nyingine bila namba ya mteja, saa ikiwa imeandikwa kama namba. Mafungu ya ndani yanatibu mvujo wa pili. Mnyororo unatibu wa kwanza. Ukiwa na kimoja bila kingine, bado unavuja upande mmoja.

Nimeita `fit` halafu `transform` kwenye data ya mafunzo, nikapata namba tofauti na za `fit_transform`. Ni kasoro?

Si kasoro, imekusudiwa. `fit_transform` inasimba data ya mafunzo kwa mafungu. `transform` inatumia wastani wa mafunzo yote, na imewekwa kwa ajili ya safari mpya ambazo malengo yake hayajaingia popote. Ukiita `fit` kisha `transform` kwenye safari zilezile za mafunzo, umeurudisha mvujo wa pili kwa mkono wako. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kuwa walizoea kwamba kwingine njia hizo mbili ni sawa.

Na angalia umeita kutoka wapi. Maktaba ya `category_encoders` nayo ina `TargetEncoder`, jina lilelile, lakini hiyo huvuta kuelekea wastani wa jumla tu, haigawi mafungu. Ukikopi mistari ya mtu, soma mstari wa `import` kwanza.

Data zangu zina tarehe. Kuna la ziada?

Lipo, na kwa kazi za mizigo ni kubwa. Mafungu matano ya kuchanganywa yanazuia safari kujiona yenyewe, lakini hayazuii safari ya Februari kusimbwa kwa matokeo ya Aprili. Masika yakianza mwezi Machi, barabara za baadhi ya mitaa hujaa maji na mizigo hurudi zaidi. Wastani wa mtaa uliohesabiwa kwa mwaka mzima umeshaibeba mvua hiyo, na safari ya Februari inapewa habari ambayo dereva wa Februari hakuwa nayo. Ukithibitisha kwa kuchanganya miezi, hutaliona, kwa sababu majaribio nayo yamechanganywa.

Kwa data za namna hii, panga kwa tarehe na kila safari iangalie nyuma tu:

```python
d = d.sort_values("tarehe")
g = d.groupby("mtaa")["rudi"]
kabla = g.cumsum() - d["rudi"]
idadi = g.cumcount()
d["mtaa_w"] = (kabla + m * p) / (idadi + m)
```

Hiyo `p` ni wastani wa jumla, nao uchukue kutoka kipindi kilichotangulia data hii. Na kuna kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye mistari hiyo: jibu huchelewa. Mzigo uliotoka Jumatatu huenda ukaandikwa "umerudi" Alhamisi. Safari ya Jumanne haipaswi kuhesabu matokeo ya Jumatatu, maana asubuhi ya Jumanne hakuna aliyeyajua. Kwa kila safari, hesabu tu matokeo yaliyorekodiwa kabla haijaondoka.

Maktaba ya `CatBoost` inatumia wazo la jirani na hili: inazipanga safari kwa mpangilio wa kubahatisha, na kila moja inasimbwa kwa zilizoitangulia katika mpangilio huo. Ni kinga nzuri dhidi ya mvujo wa pili. Ila mpangilio wa kubahatisha si kalenda, kwa hiyo kama wakati ni muhimu kwako, iambie kwamba data ina wakati kwa `has_time=True` baada ya kuzipanga kwa tarehe.

Nitajuaje kama kazi yangu inavuja, bila kusubiri iaibike?

Nafanya majaribio mawili, kwa sababu mivujo ni miwili.

La kwanza, changanya malengo. Chukua kolamu ya `rudi`, ikoroge mpaka isiwe na uhusiano na mistari yake, kisha endesha kazi yote tangu mwanzo, pamoja na kusimba. Alama za uthibitishaji zinatakiwa ziwe karibu na 0.5. Zikibaki juu, kuna mahali malengo ya majaribio yanaingia kwenye kolamu. Kosa la kawaida hapa ni kukoroga baada ya kusimba. Ukifanya hivyo umekata uhusiano uliokuwa unautafuta, na jaribio litakupitisha kwa makosa.

Jaribio hilo halioni mvujo wa pili, kwa kuwa pale uthibitishaji ni wa kweli. Kwa huo, ongeza kolamu ya upuuzi: kila safari ipe namba ya kubahatisha kutoka kwenye namba mia kadhaa, kisha isimbe sawasawa na unavyosimba mtaa. Fundisha modeli na utazame umuhimu iliyoipa kila kolamu. Kolamu ya upuuzi ikisimama juu ya saa ya kuondoka au thamani ya mzigo, modeli yako inakariri. Ukibadili kusimba kuwa kwa mafungu, iangalie ikishuka hadi chini. Hakuna maelezo yangu yanayomshawishi mtu kama kuiona ikishuka mbele ya macho yake.

Nikishaziba mivujo yote, je, wastani wa lengo ni bora kuliko sifuri-na-moja?

Kwa mtaa, na miti, mara nyingi ndiyo. Kwa chombo, sioni sababu. Aina nne hazihitaji kubanwa, na sifuri-na-moja haina hatari.

Gharama ambayo watu huisahau ni kwamba wastani unapoteza jina. Tuseme mtaa mmoja wa Likoni na mmoja wa Nyali yote ina 0.25. Likoni mizigo inarudi jioni, foleni ya kivuko inapokuwa ndefu na mteja akachoka kungoja. Nyali inarudi mchana, wenye nyumba wakiwa kazini na bawabu hana ruhusa ya kupokea. Kwa modeli, mitaa hii miwili sasa ni kitu kimoja, na haiwezi kujifunza kwamba saa ya hatari ya huku ni tofauti na ya kule. Mimi huongeza kolamu za sifuri-na-moja za kaunti ndogo sita za Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ni sita tu, hazivuji, na zinairudishia modeli jiografia iliyopotea. Pia huongeza idadi ya safari za mtaa, ili modeli ijue wastani upi umesimama juu ya safari mia mbili na upi juu ya tatu.

Namba ya mteja nayo niisimbe kwa wastani?

Kama wengi wana safari moja au mbili, hapana. Hata kwa mafungu, karibu wote watapewa wastani wa jumla na kolamu haitakuambia kitu, na ukiteleza kidogo ndiyo itakayovuja kuliko zote. Andika badala yake historia ya mteja kwa kuangalia nyuma: ameshaagiza mara ngapi kabla ya leo, na mara ngapi mzigo ulirudi. Mteja mpya ana sifuri mbili, na hiyo yenyewe ni habari.

Mtaa ambao haukuwemo kwenye mafunzo ukitokea?

`TargetEncoder` inaupa wastani wa jumla wa mafunzo, na `OneHotEncoder` yenye `handle_unknown="ignore"` inaupa sifuri kotekote. Yote mawili yanafaa. Lakini kabla ya kuridhika, soma jina lenyewe. Mara nyingi ni "Kwa Bulo" iliyoandikwa "Kwabulo", na dawa yake iko kwenye faili la usafi wa majina.